Mwenzi amefariki na hamkuwa na cheti cha ndoa: namna ya kudai haki yako katika mali, Kenya

Mtu akifariki Kenya bila wosia, jamaa zake hupeleka ombi mahakamani la kusimamia mirathi, na ombi hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo likishatoka, mwenye pingamizi hupewa siku 30. Aliyeishi na marehemu miaka mingi katika ndoa ya njoo-tukae mara nyingi husikia habari hizo kwa jirani au kwa mpangaji, nusu ya siku zikiwa zimekwisha, na ombi lenyewe halimtaji kabisa. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimeuandika nikimfikiria mwanamke, kwa kuwa ndiye anayefukuzwa nyumbani mara nyingi zaidi, lakini sheria ni ileile kwa mwanamume.

Kabla ya hatua yoyote, weka jambo moja akilini. Una madai zaidi ya moja, na yanasimama kwa miguu tofauti. Dai la kwanza ni lako kama mke: hilo linategemea mahakama ikubali kwamba kukaa kwenu pamoja kulikuwa ndoa. Dai la pili ni la watoto, nalo halitegemei ndoa hata kidogo. Dai la tatu ni la pesa na jasho lako lililoingia katika mali yenye jina la marehemu, na hilo pia linaweza kusimama hata ukiambiwa hukuwa mke. Watu wengi hushindwa kwa sababu waliyafunga yote matatu katika sentensi moja, "mimi ni mjane wake", na sentensi hiyo ilipoanguka, kila kitu kikaanguka nayo.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho. Mama mmoja, muuza mitumba Gikomba, alianza kuishi na dereva wa lori mtaa wa Kayole mwaka 2009. Wakapata watoto wawili. Mwaka 2014 wakanunua ploti Joska kwa shilingi 450,000, na baadaye wakajenga nyumba ya vyumba vya kupangisha kwa shilingi 1,200,000. Hati miliki ina jina la mwanamume peke yake. Mwanamume akafariki mwaka 2024 bila wosia, watoto wakiwa na miaka 13 na 9. Ndugu yake akaanza kukusanya kodi, kisha akapeleka ombi mahakamani akitaja warithi wawili tu: yeye mwenyewe na mama yao mzazi.

Hatua ya kwanza: jua mali iko wapi na ina jina la nani

Fanya upekuzi rasmi wa ardhi kabla hujaajiri mtu wala kugombana na yeyote. Upekuzi utakuonyesha jina lililosajiliwa, kama kuna mkopo wa benki juu ya ardhi, na kama kuna zuio lolote.

Ukikuta majina yenu wawili, angalia mmesajiliwa namna gani. Wamiliki wa pamoja wasiogawana sehemu hurithiana moja kwa moja: mmoja akifa, aliyebaki hupeleka cheti cha kifo kwa msajili, jina la marehemu likafutwa, na ardhi haiingii katika mirathi kamwe. Hapo huhitaji kuthibitisha ndoa. Ikiwa mmesajiliwa kila mmoja na sehemu yake, sehemu yako ni yako na ya marehemu ndiyo inayoingia kwenye mirathi.

Vivyo hivyo, akiba ya chama cha akiba na mikopo na malipo ya bima ya maisha huenda kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu ya uteuzi. Omba nakala ya fomu hizo. Kama aliandika jina lako, fuata malipo hayo kwa njia yake, na uihifadhi fomu. Mahali alipoandika "mke" kando ya jina lako ni ushahidi wenye nguvu kuliko mashahidi wengi wa mdomo, maana ni marehemu mwenyewe anayesema, tena akiwa hai na bila ugomvi wowote.

Kwa mama wa mfano wetu, hati ina jina moja. Basi ardhi imo katika mirathi, na lazima tuendelee.

Hatua ya pili: zuia mali isihame

Mtu mwenye maslahi katika ardhi anaweza kuweka zuio kwa msajili wa ardhi chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Unaeleza kwa kiapo maslahi yako ni yapi. Hapa usiandike tu kwamba wewe ni mke. Andika pia kwamba ulichangia ununuzi na ujenzi, na utaje kiasi. Zuio halikupi ardhi, ila linamfanya mnunuzi asite na linamlazimu msajili kukuarifu.

Kuhusu ndugu anayekusanya kodi: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinamkataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla ya kupewa hati ya usimamizi. Ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na aliyefanya hivyo atatakiwa kurudisha alichochukua. Lakini kumbuka kwamba kifungu hicho hakichagui. Ukianza wewe kuuza lori au kufukuza wapangaji, kinakushika na wewe. Andika kila mwezi nani amelipa kodi, kiasi gani, na kwa nani, kisha subiri mahakama.

Hatua ya tatu: jipime kwa vigezo vya Mahakama ya Juu

Kenya haina idadi ya miaka iliyowekwa na sheria. Utasikia sokoni kwamba miezi sita inatosha, au miaka mitatu. Hakuna sheria inayosema hivyo. Wasomaji wa Tanzania wana kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachotaja miaka miwili au zaidi, na pengine uvumi wa miaka maalumu umevuka mpaka kutoka huko. Kwa Kenya, dhana ya ndoa, yaani mahakama kuwahesabu walioishi pamoja kuwa wanandoa hata bila cheti, imejengwa na mahakama zenyewe. Kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe dhidi ya Mdhamini wa Umma, ya miaka ya 1970, ilikuwa ya mirathi kama hii yetu, na mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kukaa pamoja muda mrefu kama mume na mke kunazaa dhana ya ndoa. Katika kesi ya Mary Njoki ya 1985 mlango ulibanwa: ukaaji lazima uwe umeiva hadi kuwa ndoa, si urafiki wa muda mrefu.

Leo anza na uamuzi wa Mahakama ya Juu wa tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM. Majaji walisema dhana hii inafifia, na itumike kwa nadra, pale tu penye ushahidi thabiti. Kisha wakaweka masharti. Lazima muwe mliishi pamoja muda mrefu. Lazima nyote wawili mliruhusiwa kisheria kuoana. Lazima mlikusudia kuoana, na kila mmoja aliridhia. Na lazima mlijitokeza mbele ya watu kama mume na mke. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, kwa kiwango cha kesi za madai, yaani iwe na uwezekano mkubwa zaidi kuliko kinyume chake. Dhana ikishasimama, anayetaka kuivunja naye anahitaji ushahidi wenye uzito.

Sharti linaloua madai mengi ni lile la pili, la uwezo wa kuoana. Kama marehemu alifunga ndoa kanisani au kwa msajili na mke mwingine, na ndoa hiyo haikuvunjwa mahakamani, hakuwa na uwezo wa kuoa tena, hata kama hawakuonana kwa miaka ishirini. Na kama wewe ulikuwa na mume wa kwanza, ndoa hiyo inakufunga wewe pia. Ndivyo ilivyokuwa katika kesi ya MNK yenyewe: watu waliishi pamoja miaka mingi, wakajulikana mtaani kama wanandoa, lakini ndoa ya awali ya mwanamke ilikuwa haijavunjwa, na Mahakama ya Juu ikakataa dhana ya ndoa.

Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, na umwambie wakili wako ukweli huo siku ya kwanza: kuna mahari iliyowahi kupelekwa kwenu na mtu mwingine? Kuna cheti popote? Upande wa pili utatafuta, na wakipata kabla hujasema, watakuvunjia uaminifu katika mambo mengine yote.

Kama marehemu ndiye aliyepeleka mahari kwenu, hata sehemu ndogo tu, basi usianze na dhana ya ndoa. Anza na ndoa ya kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Dhana ya ndoa iwe dai la akiba nyuma yake.

Na kama marehemu alikuwa Mwislamu, mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu kwa mujibu wa kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi. Bila nikaha, miaka ya kukaa pamoja haitakufanya mrithi. Bado dai la mchango, nitakaloeleza mbele, linabaki.

Hatua ya nne: kusanya ushahidi wa nia na sifa, si wa mapenzi

Picha za sherehe na jumbe za mapenzi hazisaidii sana. Zinaonyesha mlipendana, jambo ambalo upande wa pili hata hautakana. Mahakama inatafuta kitu kingine: je, watu hawa walijiona na kuonwa kuwa mume na mke?

Tafuta karatasi ambazo marehemu alijaza mwenyewe kwa shughuli nyingine. Kadi ya zamani ya bima ya afya ya NHIF iliyokutaja kama mke. Fomu ya kazini ya jamaa wa karibu. Fomu ya hospitali uliyotia sahihi kama mke alipolazwa. Mkataba wa kupanga nyumba wenye majina yenu wawili. Fomu ya shule ya watoto. Kila moja ni ndogo, lakini zikifuatana kwa miaka, 2010, 2013, 2017, 2021, zinajenga muda mrefu na sifa kwa pamoja.

Kipeperushi cha mazishi ni muhimu sana. Kama ukoo wake ulikuandika kuwa mke wake, ukaketi na familia, na ukatupa udongo mbele ya mchungaji na chifu, itawawia vigumu miezi mitatu baadaye kusema hawakujui. Hifadhi nakala, na jina la aliyekiandaa. Lakini kisitegemewe peke yake, kwa kuwa upande wa pili unaweza kudai kwamba ulitajwa kwa heshima ya watoto tu.

Kuhusu mashahidi, usilete ndugu zako tupu. Shahidi bora ni mtu asiyenufaika: mwenye nyumba mliyopanga Kayole, mwalimu wa watoto, mweka hazina wa chama, mzee wa mtaa. Na kama yuko hata jamaa mmoja wa upande wa marehemu, shangazi au binamu, aliye tayari kusema kwamba ulipokelewa nyumbani kama mke wa mtoto wao, huyo ana thamani kuliko majirani wengi. Aeleze mambo aliyoyaona, na mwaka. Asiseme tu kwamba "walikuwa mume na mke".

Barua ya chifu hutakiwa wakati wa kupeleka ombi, ikitaja walioachwa na marehemu. Nenda kwa chifu mapema ukiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Barua hiyo husaidia, lakini haithibitishi ndoa. Chifu anaandika anachoambiwa, na ndugu anaweza kuwa ameshapata yake yenye majina tofauti.

Angalia pia kinachoweza kukugeukia. Ujumbe wa simu wa mwaka 2022 aliokuandikia "tutaoana Mungu akijalia" unaonekana mtamu, lakini wakili wa upande wa pili atausoma hivi: walikuwa bado hawajaoana, na wote wawili walijua. Uwe na maelezo yake tayari, kwa mfano kwamba alizungumzia harusi ya kanisani juu ya maisha ya ndoa yaliyokuwapo tayari.

Hatua ya tano: ingia mahakamani kwa mlango sahihi

Mlango unategemea mirathi imefika wapi, na kuchanganya milango hupoteza miezi.

Ikiwa hakuna aliyepeleka ombi bado, peleka wewe. Taja kila mtu: wewe, watoto wote, wazazi wake walio hai, na mke mwingine kama yuko. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Urithi kinataka majina hayo, na kuficha mtu ni sababu ya hati ya usimamizi kufutwa baadaye. Hakimu anasikiliza mirathi kulingana na thamani yake. Hakimu mkuu anafika hadi shilingi milioni 20, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Jengo la mfano wetu halifiki huko, kwa hiyo kesi inakaa mahakama ya hakimu.

Ikiwa ombi limetangazwa na hati haijatolewa, peleka pingamizi chini ya kifungu cha 68 ndani ya muda wa tangazo. Hapa kuna mtego. Pingamizi lenyewe halitoshi. Mahakama itakuarifu upeleke majibu ya ombi pamoja na ombi lako mwenyewe la kupinga, ndani ya muda itakaoutaja. Usipofanya hivyo, mahakama inaendelea kana kwamba hukuwahi kupinga, na ndugu anapewa hati. Wengi huona muhuri kwenye pingamizi lao wakadhani kazi imekwisha. Andaa karatasi zote tatu kwa wakati mmoja.

Ikiwa hati imeshatolewa, kuna njia mbili. Unaweza kuomba ifutwe chini ya kifungu cha 76, kwa Fomu 107, kwa sababu iliombwa kwa kuficha mambo muhimu. Katika mfano wetu sababu hiyo ni wazi kabisa: ndugu hakuwataja watoto wawili wa marehemu. Huhitaji hata kugusa ndoa ili kushinda ombi hilo. Au, kama hujali nani anasimamia bali unajali ugawaji, subiri aombe uthibitisho wa hati, yaani idhini ya mahakama ya kugawa mali, ambao kwa kawaida hauji kabla ya miezi sita tangu kutolewa kwake, kisha uweke kiapo cha kupinga ugawaji chini ya Kanuni ya 40 ya Kanuni za Mirathi na Usimamizi. Nionavyo mimi, mtu aliyewafuta watoto kwenye ombi hafai kuachiwa usimamizi. Ombi la kufuta ndilo sahihi.

Utakutana na hoja moja ya kisheria. Novemba 2021 Sheria ya Urithi ilibadilishwa, na mwenzi akaelezwa kuwa ni mume au mke anayetambulika chini ya Sheria ya Ndoa. Wakili wa ndugu atasema sheria hiyo inatambua ndoa za aina tano tu, za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na kukaa tu hakumo. Jibu lake ni kwamba dhana ya ndoa si aina ya sita. Ni njia ya kuthibitisha kwa ushahidi kwamba ndoa ilikuwapo, na Mahakama ya Juu iliiwekea masharti mwaka 2023, baada ya mabadiliko hayo. Ni jibu zuri, lakini kesi ya MNK haikuwa ya mirathi, kwa hiyo hakimu ana nafasi ya kutofautisha. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoliweka dai la mke peke yake mbele.

Hatua ya sita: andika dai la watoto kando

Kifungu cha 3(2) kinawahesabu watoto wa mwanamume kuwa ni wale wake aliowatambua au kuwakubali, au aliojitwika kuwalea daima, bila kuuliza kama alimwoa mama yao. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lake, ada ya shule aliyolipa, na kadi ya bima vinatosha mara nyingi. Wakipinga, kipimo cha DNA kinaweza kuombwa.

Uzito wa dai hili unaonekana ukisoma mstari wa warithi. Asiyeacha wosia akiwa na watoto lakini bila mwenzi, mali yake yote inagawanywa sawa kwa watoto, kifungu cha 38. Ndugu huja baada ya watoto, baada ya baba, na baada ya mama. Kwa hiyo katika mfano wetu ndugu hana urithi wowote, mama akubaliwe kuwa mke au asikubaliwe. Bibi wa watoto, kama alikuwa akitunzwa na marehemu, anaweza kuomba apewe matunzo kutoka katika mali chini ya kifungu cha 26, na ni haki yake. Ombi hilo lazima lije kabla hati haijathibitishwa.

Kwa kuwa watoto hawajafika miaka 18, mali yao itashikwa kwa amana, na kifungu cha 58 hakiruhusu msimamizi mmoja peke yake. Pendekeza jina lako na la mtu mwingine wa kuaminika. Kumpendekeza bibi, kama mnaelewana, huzima moto mwingi.

Hatua ya saba: dai la mchango

Rudi kwenye kesi ya MNK. Baada ya kukataa dhana ya ndoa, Mahakama ya Juu haikufunga faili. Ilisema sheria ya mali ya wanandoa haiwezi kutumika kwa wasio wanandoa, lakini ikaangalia kama wawili hao walikuwa na nia ya pamoja ya kumiliki mali na kila mmoja akachangia. Ikaona ndivyo, ikatangaza kwamba mwenye jina kwenye hati anamshikia mwenzake sehemu kwa amana, na kugawa asilimia 70 kwa mwanamke aliyesajiliwa na asilimia 30 kwa mwanamume.

Sasa tufanye hesabu ya mfano wetu. Tuseme mama alitoa shilingi 180,000 kutoka mzunguko wa chama chake ili kununua ploti. Hiyo ni asilimia 40 ya bei. Kisha akachukua mkopo wa shilingi 300,000 kwa ajili ya ujenzi. Jumla ya gharama ni 450,000 na 1,200,000, yaani 1,650,000. Mchango wake ni 480,000, asilimia 29 hivi. Wakili anayedai "asilimia 40" kwa kuangalia ploti peke yake ataulizwa habari za nyumba. Dai asilimia 29 kama sakafu yenye stakabadhi, kisha eleza kazi iliyopanda juu yake: kusimamia mafundi, kulipa vibarua, kukusanya kodi miaka yote hiyo alipokuwa safarini na lori.

Ushahidi hapa ni tofauti na ule wa ndoa. Unahitaji taarifa za M-Pesa na benki, daftari la chama, mkataba wa mkopo, risiti za mabati na simenti, na fundi atakayesema nani alikuwa akimlipa. Pia unahitaji kuonyesha nia: mpango wenu ulikuwa nyumba iwe ya nani? Ujumbe wa marehemu wenye maneno kama "nyumba yetu" kandokando ya pesa ulizotuma siku hiyo una kazi kubwa hapa, ingawa kwenye dai la ndoa usingekuwa na uzito mkubwa.

Dai hili lina mahali pake. Mahakama ya mirathi hugawa mali ya marehemu, na mara nyingi haipendi kuamua ubishi wa nani mwenye mali. Kanuni ya 41(3) inairuhusu kutenga sehemu inayobishaniwa hadi uamuzi utolewe kwingine, kwa kawaida Mahakama ya Mazingira na Ardhi au kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi. Basi katika kiapo chako cha mirathi omba kwa uwazi sehemu hiyo itengwe. Kesi ya ardhi ifunguliwe dhidi ya msimamizi mwenye hati. Ukimshtaki ndugu kabla hajapewa hati, unamshtaki mtu asiyewakilisha mirathi. Na kama wewe mwenyewe ni mmoja wa wasimamizi, mshtakiwa awe msimamizi mwenza, maana huwezi kukaa pande zote mbili za kesi moja.

Hesabu ya mwisho ya mfano

Tuseme mama hakuwahi kuolewa kwingine na ushahidi wake umesimama. Yeye ni mjane. Chini ya kifungu cha 35 anapata vyombo na vitu vya nyumbani moja kwa moja, na haki ya kutumia mali iliyobaki yote maishani mwake, kodi ya vyumba ikiwemo. Baadaye inakwenda kwa watoto kwa usawa. Haki hiyo ya maisha si umiliki. Kifungu cha 37 kinamtaka apate kibali cha mahakama kabla ya kuuza ardhi yoyote, hata kwa ada ya shule.

Tuseme kinyume chake: mwaka 2004 mbuzi walipelekwa kwao Makueni na mwanamume mwingine, ndoa hiyo ya kimila haikuvunjwa, na upande wa pili ukaithibitisha. Dai la mke linaanguka hapohapo. Lakini asilimia 29 ya jengo inatoka kwanza, kwa sababu haikuwa ya marehemu. Asilimia 71 inabaki kuwa mirathi, na inagawanywa nusu kwa nusu kwa watoto wawili, ikishikwa na wasimamizi wawili hadi kila mtoto afike miaka 18. Mama anaweza kuwa mmoja wa wasimamizi hao kama mahakama itaona inafaa, na kodi iliyokusanywa na ndugu tangu siku ya kifo inadaiwa irudishwe, sehemu kwake na sehemu kwa watoto, kwa kutumia lile daftari la kila mwezi.